Uzi: Muhtasari wa kikao cha ukoo, hakimu wa mwanzo na kihamba cha baba mkubwa. Hapa mahakama ni ipi?

Mjukuu_wa_Old_Moshi

Wakuu, hamjambo. Nasoma sosholojia, mwaka wa pili. Mhadhiri wa sosholojia ya sheria ametupa makala ya mwanaanthropolojia Sally Falk Moore ya mwaka 1973, ile anayolinganisha washona nguo wa New York na Wachaga wa Kilimanjaro, halafu akasema kila mtu aandike juu ya mahakama za kimila zinazofanya kazi pembeni ya mahakama rasmi huko kwao.

Nikapanda nyumbani wikiendi kuitafuta hiyo mahakama ya kimila. Haipo. Hakuna jengo, hakuna mhuri, hakuna mtu anayejiita hakimu wa mila. Kilichopo ni vikao. Nilichorudi nacho ni picha ya muhtasari wa kikao kimoja: baba mkubwa alifariki, ukoo ukakaa, wakaandika. Karatasi mbili za daftari, wino wa bluu, saini kumi na moja na madole gumba mawili. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, ni kama ekari moja na nusu, ndizi na kahawa, mfereji unapita juu yake. Muhtasari unasema hivi: upande wa barabarani ni wa kaka mkubwa, nyumba ya wazazi na migomba inayoizunguka ni ya kitinda mimba, kaka wa kati apewe shamba la chini kule tambarare, na dada yetu "atatunzwa na ndugu zake". Mwisho wameandika "kwa mujibu wa mila zetu".

Swali langu: hakimu wa mahakama ya mwanzo analazimika kufuata hii karatasi? Na hii ni mila kweli, au ni watu kumi na watatu wamekaa wakakubaliana?

Wakili_wa_Kijiweni

Mkuu hili halina mjadala. Kuna Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, limeandika kila kitu: wanaume kwanza, mtoto wa kike ardhi ya ukoo anatumia tu, hauzi. Hakimu anafungua anasoma. Na kama ardhi haizidi thamani ya milioni tatu, baraza la kata linamaliza, hamna haja hata ya kufika mahakamani.

Karani_Mstaafu

Mdogo wangu wa kijiweni, umeshika mkia ukadhani ni ng'ombe mzima. Nimekaa kaunta ya mahakama ya mwanzo miaka mingi, niruhusu niende polepole.

Baraza la kata kwanza, maana hilo ni fupi. Hiyo milioni tatu ilikuwa kweli zamani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, baraza la kata likanyang'anywa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Sasa linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati kwamba limeshindwa, na zikipita siku 30 bila suluhu, mwenye shida anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado nawaona watu wanatoka pale kata wakiamini wamepewa "hukumu".

Tangazo la 1963 ni kweli lipo, na kanuni ya mwanamke na ardhi ya ukoo imo. Lakini halikuwa la nchi nzima kwa mkupuo. Lilihusu halmashauri zilizotajwa, kwa hiyo anayelitegemea aoneshe linamhusu. Isitoshe, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata ardhi haina nguvu. Kwa hiyo usiseme "anafungua anasoma". Akifungua kitabu kimoja, kingine kinamkodolea macho.

Sasa kwako mjukuu. Usiumie kwamba hukuikuta mahakama ya kimila. Wakati wa Mangi, chifu wa Wachaga, zilikuwepo mahakama za wenyeji, zina makarani, zina vitabu vya kesi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ndiyo iliyozifuta, kazi yake ikaingia mahakama ya mwanzo. Tangu hapo hakuna mahakama mbili. Kuna mahakama moja yenye ruhusa ya kutumia sheria ya mila, na nje yake kuna ukoo, majirani, kanisa, balozi wa nyumba kumi. Hao hawana mamlaka ya kisheria ya kuhukumu, ila ndio wanaoamua mambo mengi kabla hayajatufikia.

Muhtasari wenu kwa hakimu ni ushahidi, si hukumu. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Kanuni za mirathi za mahakama ya mwanzo za mwaka 1971 zinataka ujaze Fomu Namba 1. Hazisemi usipoleta muhtasari wa ukoo ombi lako litupwe. Lakini ukija kaunta, jambo la kwanza nitakalokuuliza ni "mmekaa kikao?" Nimeuliza hivyo maelfu ya mara. Sikuambiwa na sheria, niliambiwa na karani aliyenitangulia. Nikiona saini za upande wa baba na wa mama nilikuwa napumua, maana najua mapingamizi yatakuwa machache. Basi hiyo ndiyo mila iliyoingia mahakamani bila mtu kuitungia kifungu.

Na tazama kitu kimoja kwenye karatasi yako. Kikao kinaweza kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Anayegawa ni huyo msimamizi aliyekwisha kuteuliwa, na ndani ya miezi minne anatakiwa arudishe Fomu Namba 5 inayoonesha mali na madeni yote. Karatasi yako imegawa kila kitu kabla msimamizi hajapatikana. Je, jina la msimamizi limo?

Mjukuu_wa_Old_Moshi

Shikamoo mzee. Limo, mstari wa mwisho kabisa, limebanwa: "msimamizi awe kaka mkubwa". Kama mtu aliyekumbuka wakati karatasi inaisha.

Karani_Mstaafu

Marahaba. Hawakusahau. Kwao msimamizi ni jina la kupeleka mjini. Kazi walikuwa wameshaimaliza.

MamaNeema_Pasua

Jamani samahani naingilia. Mume wangu amefariki mwezi wa tatu. Shemeji zangu walikaa kikao mimi sijaitwa, muhtasari wanao wao na wananiambia bila huo siwezi kufungua mirathi. Naomba msaada, watoto wanataka ada.

Wakili_wa_Kijiweni

Mama, huu uzi ni wa kitaaluma, fungua uzi wako kule jukwaa la sheria.

Karani_Mstaafu

Mwache mama. Hiki ndicho tunachokizungumza.

Mama Neema, pole sana. Nenda mahakama ya mwanzo ya eneo alilokuwa anaishi marehemu, beba cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Sema unataka kuomba usimamizi. Ukiulizwa muhtasari, jibu ukweli: kikao kilikaa bila wewe. Mahakama itatangaza ombi, shemeji wakija na pingamizi watasikilizwa, na wewe utasikilizwa. Kama wao wametangulia kufungua, basi wewe ndiye unayeweka pingamizi. Jambo moja uliza mapema: kama ndoa ilikuwa ya kanisani na maisha yenu hayakuwa ya kimila, kuna suala la kama mirathi hii iko chini ya mahakama ya mwanzo au inapaswa kwenda juu. Hakimu huangalia namna marehemu alivyoishi. Kwa Wachaga wenye kihamba na ubatizo pamoja, mabishano hayo hayaishi.

MamaNeema_Pasua

Asante baba. Ndoa ni ya Kilutheri lakini alizikwa kihambani kwa baba yake. Hapo ni wapi sasa?

Karani_Mstaafu

Hapo ni penye mabishano, mama.

Mzee_wa_Mfereji

Mimi sijasoma hiyo makala, ila nimecheka "pembeni ya mahakama". Niwape ya kwetu, sitaji kijiji.

Jirani yangu aligombana na ukoo wake juu ya mpaka. Mpaka wenyewe ni mstari wa mimea ya masale, na usiku mmoja masale yalisogea hatua nne. Baba mdogo wake akamletea jani la isale kuomba yaishe. Kwa kwetu jani hilo hulikatai. Yeye alilikataa, akaenda mjini, akakaa miaka mitatu kwenye kesi, akashinda. Karatasi ina mhuri, watu wakaja wakapima, masale yakarudi.

Halafu? Zamu yake ya maji kwenye mfereji ikawa inaangukia usiku wa manane, kila mara. Siku ya kusafisha mfereji anaitwa, siku ya kugawa maji amesahaulika. Ndugu wakichinja, haitwi, na mtu asiyeitwa kwenye nyama ya ukoo hata watoto wake wanajua kuna jambo. Kahawa ilipoiva alitafuta wachumaji, wote "wana kazi". Mwaka wa pili alikwenda yeye mwenyewe kwa baba mdogo na pipa la mbege. Ile hatua nne walikubaliana nusu kwa nusu. Hukumu yake mpaka leo iko kwenye fremu sebuleni.

Sasa niambieni ni nani aliamua kesi ile.

Mjukuu_wa_Old_Moshi

Mzee wangu, umesema Moore mzima kwa pipa moja la mbege! Hoja yake ndiyo hiyo: kundi kama ukoo na majirani linaweza kutunga kanuni zake na kuwashurutisha watu wazifuate, lakini halijifungii, serikali inaweza kuingia na kulitikisa. Analiita uwanja wa kijamii unaojitawala nusu. Anasema baada ya uhuru serikali ilifuta utawala wa Mangi, ikasema ardhi yote ni ya umma, ikaweka mabalozi wa nyumba kumi. Na balozi alikuwa nani? Jirani yule yule, shemeji yule yule. Kwa hiyo chombo kipya cha serikali kikaanza kufanya kazi kwa mahusiano ya zamani.

Laigwanani_wa_Sakina

Naona Wachaga mmejitanua. Arusha nasi tumeandikwa. Yule mwanaanthropolojia Gulliver alikaa na Waarusha wa Meru miaka ya 1950, kitabu chake kikatoka 1963. Alichokiona ni kwamba sisi kwenye mkutano wetu hakuna hakimu kabisa. Kila upande unakuja na watu wake wa ukoo au wa rika, wasemaji wanasema, mnavutana mpaka mnafika mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kuishi. Mahakama ya wenyeji ilikuwepo wakati huo huo na watu walijua njia ya kwenda, ila wengi walipenda mkutano.

Kwetu mbuzi wako wakila mahindi yangu, sitaki kujua sheria inasema fidia ni kiasi gani. Nataka kujua wewe una watu gani nyuma yako, na mimi nina watu gani, na mwakani tutachunga wapi. Bei inatoka hapo. Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Mahakamani wanauliza nani mkosaji, sisi tunauliza mtakaaje."

BintiTengeru

Kaka laigwanani, na asiye na watu nyuma yake je? Mjane aliyeolewa kutoka Singida, hana rika, hana ukoo hapa. Kwenye huo mvutano wenu anavutana na nani?

Laigwanani_wa_Sakina

Hapo umenipiga. Anasemewa na ukoo wa mume.

BintiTengeru

Ambao ndio anaogombana nao.

Ndiyo maana sipendi hizi simulizi za mbege na masale zikipambwa. Kumbukeni kesi ya kule Kagera, ya Holaria Pastory. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akashtaki mahakama ya mwanzo, na mahakama ya mwanzo ikasema mauzo ni batili kwa sababu ni mwanamke. Mahakama ya wilaya ikageuza, na Mahakama Kuu Mwanza chini ya Jaji Mwalusanya ikakubaliana na wilaya: kanuni ile inapingana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, kwa hiyo mwanamke anauza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Angalieni waliotumia mila dhidi yake kwanza ni akina nani. Ni mahakama ya serikali! Ukoo ulihitaji mhuri wa serikali ili mila yao ishike.

Wakili_wa_Kijiweni

Basi kanuni ilikufa tangu hapo. Imeisha.

BintiTengeru

Haikufa. Wajane wawili wa Shinyanga walipeleka malalamiko mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao kwa kanuni hizo hizo za 1963. Kanuni ikikataliwa na jaji mmoja inabaki kwenye kitabu cha hakimu mwingine.

Karani_Mstaafu

Dada yuko sawa, na amegusa kitu ambacho wasomi hukitenga. Kuna aliyeandika 1986, Griffiths, akitofautisha wingi wa sheria ambao dola yenyewe imeuruhusu, na ule uliopo tu kwa sababu watu wanaishi hivyo, dola ipende isipende. Holaria ni wa kwanza. Mfereji wa mzee ni wa pili. Mjukuu, kazi yako ikichanganya hizo mbili mhadhiri atakukata maksi.

Ila nirudi kwenye karatasi yako, kuna kitu kinaniwasha tangu asubuhi. Madole gumba mawili ni ya nani?

Mjukuu_wa_Old_Moshi

Moja ni la bibi, hajui kuandika. Jingine... subiri nikuze picha.

Ni la dada. Yule wa "atatunzwa na ndugu zake".

Lakini dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Anafundisha watoto kuandika.

BintiTengeru

Ehe.

Karani_Mstaafu

Nilijua. Ukiona dole la mtu anayejua kalamu, simama. Ama hakuwepo na mtu amebonyeza kidole chake mwenyewe, ama alikuwepo na hakutaka. Vitu vingine vya kutazama: saini zote kwa wino mmoja na mwandiko unaofanana, tarehe ya kikao kabla ya siku ya kuanua tanga wakati watu wa mbali hawajafika, na mjane hayumo. Mpigie simu.

Mjukuu_wa_Old_Moshi

Nimempigia. Nimekaa dakika kumi bila kujua niandike nini.

Alikuwepo. Anasema kaka mkubwa alimpa kalamu, naye akasema mkono unauma, leteni wino. Kwa maneno yake: "Saini yangu ninaitumia benki na shuleni. Hapo niliweka dole ili siku moja mtu mwenye akili aulize." Nikamwuliza kwa nini hakusema palepale. Akasema mama alikuwa amekaa karibu yake na amefunga kanga kichwani, baba hajamaliza wiki mbili kaburini, na yeye akitoka pale na ugomvi nani atampeleka mama hospitali, wakati wenye gari ni kaka zake.

Hataki kufungua kesi. Anataka migomba minne ya upande wa jiko, alipanda yeye mwenyewe.

Wakili_wa_Kijiweni

Dah. Aisee hapo hata mimi nimenyamaza. Lakini kisheria dole linamnusuru, si ndiyo?

Karani_Mstaafu

Hapana, na nasikitika kusema. Dole linathibitisha kuwa ni yeye kuliko hata saini. Akiligeuzia kibao mbele ya hakimu atalazimika kueleza yote aliyokueleza wewe, mbele ya kaka zake. Karatasi yenyewe itasema alikubali.

Kinachomsaidia ni kwamba mgawo ule haujawa mgawo. Kaka mkubwa hajateuliwa. Siku akiomba, dada ana nafasi ya kusema neno moja tu.

Mzee_wa_Mfereji

Mimi nisingempeleka mahakamani. Migomba minne? Mjomba mmoja mwenye heshima, mama akiwepo, Jumapili baada ya ibada. Atapewa sita.

BintiTengeru

Atapewa sita za kutumia. Kaka akifa, watoto wa kaka watamwambia nini? Hakuna mahali pameandikwa. Mnampa kwa mdomo kile mlichomnyima kwa maandishi.

Mzee_wa_Mfereji

Yule jirani yangu alikuwa na maandishi.

Laigwanani_wa_Sakina

Hapo wote wawili mmesema kweli na mimi sijui nikae upande gani.

Mjukuu_wa_Old_Moshi

Wakuu nashukuru. Nimebadilisha kichwa cha kazi yangu. Nilikuwa nimeandika "Mahakama za kimila Old Moshi". Sasa naandika juu ya muhtasari: namna kikao kinavyoandika kwa macho ya kaunta ya mahakama, na namna kaunta inavyokiuliza kikao kitu ambacho kanuni hazikidai. Ile "kwa mujibu wa mila zetu" nilimwuliza kaka aliyeandika. Anasema mstari huo aliunakili kutoka muhtasari wa jirani uliokubaliwa mjini.

Mzee karani, ninaweza kukunukuu bila jina?

Karani_Mstaafu

Andika "karani mmoja". Na usiweke picha ya karatasi kwenye kazi yako, dada yako atajulikana.

MamaNeema_Pasua

Baba karani, kesho nakwenda. Nimepata cheti cha ndoa, cha kifo kiko kwa shemeji. Nifanyeje?

Karani_Mstaafu

Nenda ofisi ya vizazi na vifo ya wilaya uombe nakala nyingine. Usimwombe shemeji. Ukimwomba, ataitisha kikao.